Hotuba ya paredi Ijumaa: nitawaambiaje watoto kwamba 10/10 ya kunakili si hesabu?

Chaki_Nyeupe (Kisumu)
Wadau habari zenu. Hedi amenipa dakika tano kwa paredi ya Ijumaa niongee na watoto wa junia sekondari, na mada amenichagulia yeye mwenyewe: kwa nini kuelewa jibu lililofanyiwa kazi kunashinda kukusanya maki. Sasa najua ninachotaka kusema lakini kila nikiandika inatoka kama mahubiri.

Sababu yenyewe ni hii. Wiki jana nilitoa homuwaki ya asilimia Gredi 8. Swali moja lilikuwa hivi: shati limeuzwa shilingi 1,260 baada ya diskaunti ya asilimia 10, bei ya kwanza ilikuwa ngapi? Kuna msichana mmoja, mtulivu, daftari safi kama la kuuzwa, akapata 10/10. Kila swali lina mistari kama ya kitabu:

```
100/90 × 1260 = 1400
```

Nikamwita mbele nimpongeze, nikamuuliza tu bila ubaya, hii 90 imetoka wapi? Akaniangalia, akasema, "Kutoka kwa mfano, mwalimu." Nikampa lingine hapo hapo ubaoni, viatu vimeuzwa 1,700 baada ya diskaunti ya asilimia 15. Akaandika 100/90 × 1700, akapata 1,888 na sehemu, akapiga mstari chini mara mbili vizuri kabisa. Hakuona shida yoyote. Na mimi ndio nilikuwa nimempa tiki kumi.

Nisaidieni niongee nini na niache nini. Ijumaa kwetu ni siku ya Kiswahili kwa hivyo itakuwa kwa Kiswahili.

Boda_Msomi (Kondele)
Mwalimu si ungemfundisha njia fupi tu. Kama imepunguzwa asilimia 10 unarudisha asilimia 10 basi. 1260 ongeza 126 unapata 1,386. Mambo ya 100 juu ya 90 ndio inachanganya watoto, sisi hatukusoma hivyo na tunahesabu pesa kila siku na hatuibiwi.

DadaButiki_Nax
@Boda_Msomi pole lakini hapo unaibiwa. Niko na duka la nguo hapa Nakuru, hii naifanya kila mwisho wa mwezi nikibandika lebo mpya. Chukua hiyo 1,386 yako, toa asilimia 10, yaani 138.60. Unabaki na 1,247.40. Si 1,260. Sasa chukua 1,400 toa 140, unabaki na 1,260 kamili. Asilimia 10 ilitolewa kwa bei kubwa ya kwanza, wewe unairudisha kwa bei ndogo. Hizo si kumi moja.

Boda_Msomi
Ngoja kwanza

Boda_Msomi
Wueh. Kumbe.

Mama_Pendo
Samahani kwani huu uzi ni wa nini, nimeona maki nikaingia. Wangu ako Gredi 8 na hesabu anapata "anakaribia" tu kila siku, kuna mwalimu wa tuisheni mzuri upande wa Mamboleo? Asanteni.

Chaki_Nyeupe
@Mama_Pendo mama hapa tunatafuta hotuba, lakini kaa hapa hapa, utajiona ndani.
@DadaButiki_Nax umenipa kitu. Hiyo ya kurudi nyuma kujaribu jibu ndiyo yule msichana hakufanya. Angetoa asilimia 15 ya 1,888 angebaki na 1,600 na kitu, si 1,700, angejua mwenyewe bila mimi.

Mzee_wa_Kipimo (Kakamega)
Mwalimu mwenzangu, nimefundisha hesabu miaka mingi na nikasahihisha mitihani pia, kwa hivyo niruhusu nirefushe kidogo.

Kwanza usiende paredi ukawaambia watoto kwamba kusoma jibu lililofanywa ni vibaya. Watasikia hivyo, na ni uongo. Mtoto ambaye mada ni mpya kwake akiachwa peke yake na swali anahangaika tu, anajaribu namba hovyo mpaka moja ikubali. Mfano uliofanywa mstari kwa mstari unamsaidia kuliko kuhangaika huko. Shida inaanza pale anaposoma mistari kama mtu anayesoma namba ya simu. Michelene Chi na wenzake walitoa utafiti 1989, waliangalia wanafunzi wa chuo wakisoma mifano ya fizikia iliyokwisha kufanywa. Waliokuja kufanya vizuri walikuwa wanajieleza kila mstari, huu umetoka wapi, na walikuwa wanasema sana "hapa sijaelewa". Wale dhaifu wakasoma haraka haraka wakiamini wameelewa. Yaani anayesema hajaelewa ndiye alikuwa anaelewa. Hiyo watoto wataipenda.

Pili, dawa. Mfano ule ule wa shati, andika ubaoni mistari yote lakini funika wa mwisho, wamalizie. Swali linalofuata funika miwili ya mwisho. La tatu waachie mstari wa kwanza peke yake, ule unaosema 1,260 ni asilimia 90 ya bei ya lebo. Hesabu yote iko kwa huo mstari, hiyo mingine ni kuzidisha na kugawanya tu. Na sasa angalia daftari la msichana wako, nina hakika huo ndio mstari aliouruka.

Chaki_Nyeupe
Mzee umenishika. Nimefungua daftari sasa hivi. Hakuna mstari wa maneno hata mmoja. Ni 100/90 moja kwa moja, maswali yote.

Jogoo_la_Bungoma
Na wewe ulimpa tiki 😂 Paredi ianze na mwalimu kuomba msamaha.

Chaki_Nyeupe
@Jogoo_la_Bungoma madaftari 58 usiku mmoja ndugu yangu, na stima ilikuwa imepotea. Njoo usahihishe wewe.

Nyar_Siaya
Mimi naona mnamlaumu mtoto na mwalimu bure. Lugha ndio shida. Swali limeandikwa Kiingereza, hiyo ya "baada ya diskaunti" imefichwa katikati ya sentensi, mtoto anaona namba mbili na alama ya asilimia anazichanganya. Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo, nikimsomea kwa Kijaluo anasema, aah, kumbe tayari imeshapunguzwa! Anafanya mwenyewe.

Karani_Mstaafu
Sikatai ya @Nyar_Siaya lakini kwa maoni yangu shida ni ile karatasi ya majina inayobandikwa kwa ukuta, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtoto akishaona jina lake hapo juu hatakubali kusema mbele ya watu kwamba hajui 90 imetoka wapi. Heri anakili. Sisi wakati wa KCPE ilikuwa maswali 50 ya hesabu ya kuchagua A, B, C, D, hakuna mtu aliuliza umefikaje, unapaka tu penseli. Kizazi kizima tumefundishwa jibu ni herufi.

Mama_Pendo
Sasa mnisikize na mimi kama mzazi. Mnasema maki si kitu lakini ile KJSEA ya Gredi 9 ndio inapeleka mtoto shule ya sinia, inabeba asilimia 60, na kazi za Gredi 7 na 8 ziko ndani pia na ile ya Gredi 6. Mtoto akipata chini nani atakuja kuniambia "lakini alielewa"? Mimi humpa wangu shilingi hamsini kila akipata 10/10 na sioni ubaya.

Mzee_wa_Kipimo
@Mama_Pendo hoja yako ni ya haki, tena mwalimu asiikwepe kwa paredi, maana watoto wote wanajua maki zinahesabiwa. Lakini angalia karatasi yenyewe ya hesabu ya KCSE, tuseme ile ya 121/1. Imeandikwa pale mbele uonyeshe hatua zote za kazi, na kwamba unaweza kupewa maki kwa kazi sahihi hata kama jibu si sahihi. Kwenye marking skimu kuna M1 na A1. M ni ya njia, A ni ya jibu sahihi lililotoka kwa hiyo njia. Mtoto anayejua kwamba 1,700 ni asilimia 85, akaandika 100/85 × 1700, halafu kwa kiherehere akapata 2,100 badala ya 2,000, M yake anaweza kuipata. Huyu wa 100/90 hapati M wala A, kwa sababu njia yenyewe ni ya swali lingine. Kwa hivyo hata kama unataka maki peke yake mama, hiyo hamsini yako ingekaa vizuri kwa mtoto anayekueleza mstari wa kwanza.

Mama_Pendo
Hapo umeongea. Lakini sitamwambia leo, atadai zote mbili.

Mwana_wa_Mumias
Niwe mbaya kidogo. Mimi nilikariri kwanza, kuelewa kukaja baadaye. Jedwali la kuzidisha nilichapwa nikalijua, ile ya kubadilisha sehemu kichwa chini unapogawanya nikaijua bila sababu, nimekuja kuelewa kwa nini nikiwa fundi wa mbao nikikata mbao ya futi 6 vipande vya robo tatu ya futi. Vinatoka vinane. Unazidisha 6 mara 4 unagawanya kwa 3, nikaona kwa macho, robo ziko 24, kila kipande kinakula tatu. Lakini nisingekuwa nimekariri nisingekuwa na kitu cha kuja kuelewa. Kwa hivyo huyo msichana mwache, 100/90 yake itakuja kumwambia kitu siku moja.

Karani_Mstaafu
@Mwana_wa_Mumias wewe ulibahatika mbao ikakufundisha. Wangapi hawakupata mbao?

Mwana_wa_Mumias
Wengi. Lakini hao pia hawakufeli kwa sababu ya kukariri, walifeli kwa sababu waliacha.

DadaButiki_Nax
Niwaongezee ya kwangu mwone hii kitu si ya shule tu. Mwaka fulani nilikuwa na mtu ananiandikia vitabu vya duka, kijana na cheti chake. Bei zangu zilikuwa zimejumlisha vati ya asilimia 16. Mteja akilipa 1,160 yeye anachukua asilimia 16 ya 1,160, anaandika vati ni 185.60. Vati hapo ni 160! Bidhaa ni 1,000, vati 160, jumla 1,160. Inatakiwa ugawanye kwa 116 uzidishe kwa 16. Nilipomuuliza akanionyesha daftari la chuo, akasema fomula ndiyo hii, asilimia 16 ya kiasi. Ni kweli fomula ilikuwa hiyo, lakini ya kiasi kabla ya vati. Nilikuwa nikitenga pesa zaidi karibu miezi minne nikishangaa mbona duka halina faida. Nina uhakika huyo kijana alipata maki zote.

Boda_Msomi
@DadaButiki_Nax hiyo ni ile ile yangu, asilimia ya kitu gani. Nimeanza kuona.

Jogoo_la_Bungoma
Boda atatuhutubia Ijumaa sasa.

Tausi_wa_Eldama
Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, naomba niulize bila kukosea heshima. Kuna utafiti wa Ruth Butler wa 1988 tulifundishwa, watoto waliopewa maoni bila maki waliendelea vizuri, waliopewa maki hawakuendelea hivyo, na waliopewa maki pamoja na maoni wakawa kama wale wa maki tu. Wanaangalia namba wanafunga daftari. Sasa si mwalimu arudishe madaftari bila maki kabisa, aandike tu "90 imetoka wapi?" kando?

Chaki_Nyeupe
@Tausi_wa_Eldama nilijaribu mwaka jana kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza watoto walikasirika. Ya pili wazazi watatu wakaja ofisini kuuliza kama nimegoma. Lakini nikiri, hizo wiki mbili ndizo watoto walinijia mezani kuuliza maswali. Sijui kama ni kwa sababu ya maoni au ni kwa sababu walitaka kujua wamepata ngapi.

Mzee_wa_Kipimo
Inawezekana yote mawili. Na Tausi, kumbuka zile zilikuwa kazi za muda mfupi, si muhula mzima na karani wa shule anadai fomu zijazwe.

Chaki_Nyeupe
Haya nimeandika upya usiku huu. Nimetoa yote ya "someni kwa bidii". Nisomeeni.

"Hamjambo. Nina shati hapa. (Naliinua, na lebo kubwa ya karatasi.) Leo linauzwa 1,260. Limepunguzwa asilimia 10. Nani anajua lebo ya kwanza ilisema ngapi? (Nangoja. Najua wengi watapiga kelele 1,386.) Sawa, tuchukue hiyo. Tupunguze asilimia 10 tuone kama tunarudi kwa 1,260. Hatufiki. Tumepoteza shilingi 12 na senti 60, na hakuna aliyeiba.

"Sasa kuna daftari nililisahihisha. Jibu lilikuwa sahihi, 1,400, nikatia tiki. Nikauliza namba moja imetoka wapi, hakuna aliyejua, hata mimi sikuwa nimeuliza. Kosa hilo lilikuwa langu, nilisahihisha mstari wa mwisho. Kuanzia Jumatatu nitasahihisha mstari wa kwanza.

"Mfano kwenye kitabu usomeni, hata mara tatu. Lakini ukifika kwa kila namba ambayo haiko kwenye swali, simama uiulize imetoka wapi. Kwenye swali kuna 1,260 na 10. Hakuna 90. Kama huwezi kuieleza 90 kwa mtu aliyekaa na wewe kwa dawati, weka alama ya kuuliza hapo na uniletee. Alama hiyo ya kuuliza nitaihesabu kama kazi. Asanteni, nendeni darasani."

Nyar_Siaya
Nzuri. Ondoa "hata mimi sikuwa nimeuliza", watoto watakuchekea muhula mzima.

Karani_Mstaafu
Hapana, acha hiyo hiyo. Hiyo ndiyo itawafanya wasikilize. Ila hakikisha yule msichana hajulikani. Usiseme Gredi 8, usiseme daftari safi, watoto watamjua kwa dakika moja.

Mzee_wa_Kipimo
Naunga mkono Karani. Na hapo pa "kila namba ambayo haiko kwenye swali", shika sana hapo. Onyo moja tu, kuna watoto wako wanaoijua hii tayari. Hao ukiwalazimisha kueleza kila mstari wa mfano wanachoka na wanaanza kuvuruga. Hao wape swali jipya wakomae nalo.

Mwana_wa_Mumias
Na wale wa 1,386 usiwacheke. Watakuwa wengi kuliko unavyodhani, na walimu wawili pia.

Boda_Msomi
😂😂 Mumias umenitaja bila kunitaja

Chaki_Nyeupe
Wadau nimerudi. Paredi imeisha, jua lilikuwa kali na nikatumia dakika tisa badala ya tano, deputi akaangalia saa mara mbili. Kelele ya 1,386 ilikuwa kubwa mpaka mpishi akatoka jikoni. Tulipopunguza na tukakosa 1,260 kukawa kimya, halafu kijana mmoja wa Gredi 7 huko nyuma akapaza sauti, "Lebo ilikuwa kubwa, kumi yake ni kubwa!" Sikumfundisha mimi. Babake anauza mitumba Kibuye.

Madaftari ya leo, nimehesabu alama za kuuliza 23. Nyingine ni za uongo, kuna mmoja ameweka alama ya kuuliza kwa tarehe. Wengine 30 na kitu hawajaweka chochote na sijui kama wameelewa au wameogopa.

Yule msichana alikuja baada ya kipindi. Hakusema lolote kuhusu daftari. Ameuliza hivi: kama mwenye duka akipandisha 1,400 kwa asilimia 10, halafu akipunguza hiyo mpya kwa asilimia 10, anarudi 1,400?

DadaButiki_Nax
Harudi. 1,400 inakuwa 1,540, toa 154, unabaki na 1,386.

Boda_Msomi
NGOJA. Hiyo ni 1,386 yangu!! Mimi nilianza kwa 1,260 nikapandisha, yeye ameanza kwa 1,400 akapandisha akashusha, mbona tumekutana hapo hapo?

Jogoo_la_Bungoma
Boda amepata haki yake mwishowe

Mwana_wa_Mumias
Kwa sababu 1,260 yako ilishashushwa kutoka 1,400, wewe ukapandisha. Yeye amepandisha kwanza ndio akashusha. Ni safari moja, mmepita barabara tofauti.

Boda_Msomi
Sawa lakini ile 14 iliyopotea kutoka 1,400 imeenda wapi? Usiniambie fomula, niambie imeenda wapi.

Mzee_wa_Kipimo
14 ni asilimia 10 ya 140. Anza hapo, niambie 140 ni ya nani.

Boda_Msomi
Nina abiria wa kupeleka Mamboleo, nikirudi nitajibu. Msiandike jibu tafadhali.

Mama_Pendo
Ukifika Mamboleo niulizie ile tuisheni.